Kupiga Mistari kwa Hatua: Jinsi ya Kufupisha Maandishi Bila Kuipoteza Kweli

Walimu wa Akheri na wazee wa nyumba walio chini ya Mlima Meru, mwezi huu twataka kueleza kazi moja ya kalamu, nayo ni kuyapunguza maandishi marefu hatua kwa hatua mpaka yawe maneno machache, huku maandishi ya kwanza yakibaki mahali pake bila kuguswa. Wengi wetu hupiga mistari chini ya maneno tunaposoma. Lakini mistari ile aghalabu hupigwa mara moja tu, siku ya kwanza ya kusoma, nasi tukirudi baada ya miezi sita twaona ukurasa mzima umejaa mistari, wala hatujui tena neno lipi lilikuwa kubwa na lipi lilikuwa dogo.

Mmarekani mmoja, Tiago Forte, aliieleza kazi hii kwa utaratibu katika mwaka 2017, na tena katika kitabu chake cha mwaka 2022. Shauri lake ni jepesi kulielewa. Usifupishe kitu chote siku moja. Nakili kwanza sehemu uliyoipenda. Siku nyingine, ukirudi kwa sababu una haja nayo, tia alama penye maneno yaliyo ya maana. Ukirudi tena, chagua katika yale yenye alama machache yaliyo bora, uyatie alama ya pili. Ukirudi mara nyingine, andika juu ya ukurasa muhtasari mfupi kwa maneno yako mwenyewe. Kila hatua huchukua sehemu ndogo tu ya hatua iliyotangulia, wala hakuna hatua iifutayo nyingine. Msomaji mwenye haraka husoma muhtasari wa juu. Mwenye nafasi hushuka kwenye maneno ya rangi. Na mwenye shaka hushuka mpaka chini kabisa, akaisoma habari yote.

Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya kazi hii na muhtasari wa kawaida. Muhtasari wa kawaida ukiwa na kosa, huna njia ya kulijua, maana asili yake haiko mbele yako. Muhtasari wa hatua una njia ya kurudi, kama vile ngazi ya dari ilivyo ngazi ya kupanda na ya kushuka pia.

Vyombo vyenyewe si vya gharama. Yatosha daftari, kalamu ya risasi, kalamu moja ya rangi, na kalamu ya wino. Kitabu kikiwa si chako, au kikiwa cha maktaba ya shule, usikipige mstari hata mmoja, bali nakili sehemu uitakayo katika daftari, ukiacha mistari minne mitupu juu ya ukurasa na nafasi ya vidole viwili pembeni. Hatua ya kwanza ya alama ifanywe kwa kalamu ya risasi, kwa sababu yafutika. Hatua ya pili ifanywe kwa rangi. Muhtasari uandikwe kwa wino katika ile mistari minne ya juu. Atumiaye simu au kompyuta atafanya vivyo hivyo: herufi nzito badala ya mstari wa risasi, rangi ya manjano juu ya baadhi ya zile herufi nzito, na muhtasari juu kabisa.

Sasa tufanye kazi yenyewe, maana kueleza bila kuonyesha ni kazi nusu. Tumechagua habari ambayo kila nyumba ya Meru yaijua kwa kiasi fulani, nayo ni habari ya ardhi ya Engare Nanyuki. Sehemu ifuatayo tumeiandika wenyewe kwa ajili ya zoezi hili, nayo ina maneno kama 150. Mwalimu na aihesabu kuwa ndiyo sehemu aliyoinakili katika daftari lake.

«Baada ya vita ya pili ya dunia, serikali ya Kiingereza iliyotawala Tanganyika kwa udhamini wa Umoja wa Mataifa ilimweka Jaji Mark Wilson achunguze mambo ya ardhi katika nchi ya Arusha na Moshi. Taarifa yake ilitolewa mwaka 1947. Kutokana nayo serikali iliazimu kuwahamisha Wameru wa Engare Nanyuki, upande wa kaskazini-mashariki wa mlima, ili mahali pale pawe mashamba ya walowezi wa Kizungu wafugao ng'ombe. Wameru walionyeshwa nchi nyingine huko Kingori, wakaikataa. Tarehe 17 Novemba 1951 uhamisho wa nguvu ukaanza. Watu karibu 3,000 waliondolewa, na nyumba zao zikachomwa moto. Wameru hawakushika silaha, bali walipeleka malalamiko kwa Umoja wa Mataifa. Mwaka 1952 Kirilo Japhet, Mmeru, na wakili Earle Seaton walikwenda New York wakayaeleza mambo hayo. Kamati ya Nne ya Baraza Kuu ilipitisha azimio la kutaka Wameru warudishiwe ardhi yao. Lakini azimio hilo lilipoletwa mbele ya Baraza Kuu lenyewe halikupata theluthi mbili ya kura, kwa hiyo halikupita. Ardhi haikurudishwa wakati ule. Lakini habari hii ilienea Tanganyika nzima.»

Mwalimu amekwisha kunakili. Siku hiyo asifanye zaidi. Aandike tarehe pembeni na jina la kitabu alimoitoa habari, kisha afunge daftari. Sababu ya kungoja ni hii: siku ya kusoma mara ya kwanza kila neno ni jipya, na kila neno jipya huonekana kubwa. Tena, katika sehemu kumi tunazonakili, labda mbili tu ndizo tutakazozihitaji baadaye. Kuzifupisha zote kumi ni kupoteza kazi ya siku nzima kwa ajili ya nane zisizohitajiwa. Kazi ifuate haja.

Kisha siku inakuja ambapo mwalimu atafundisha habari hii. Anafungua daftari, anasoma taratibu, na kwa kalamu ya risasi anapiga mstari chini ya maneno haya tu: 1947, kuwahamisha Wameru wa Engare Nanyuki, mashamba ya walowezi wa Kizungu, wakaikataa, 17 Novemba 1951, watu karibu 3,000 waliondolewa, malalamiko kwa Umoja wa Mataifa, mwaka 1952, Kirilo Japhet, Earle Seaton, Kamati ya Nne, ilipitisha azimio, warudishiwe ardhi yao, lakini, Baraza Kuu lenyewe, halikupata theluthi mbili ya kura, ardhi haikurudishwa wakati ule.

Hayo ni maneno kama 50, yaani theluthi ya yote. Tazameni kwamba hakupiga mstari chini ya sentensi nzima, isipokuwa moja fupi, bali chini ya vipande, maana sentensi nzima huwa na maneno mengi ya kubeba na machache ya kubebwa. Bwana Forte ashauri kwamba kila hatua isizidi sehemu moja katika kumi, au mbili katika kumi, ya ile iliyotangulia. Kwa sura ndefu ya kitabu shauri hilo ni jema. Kwa habari fupi iliyokwisha kukazwa kama hii yetu, theluthi si kosa, kwa kuwa maji yameshapungua chunguni kabla hatujaanza kupika.

Muhula mwingine mwalimu anarudi. Safari hii yuko mbioni, ana dakika chache kabla ya kengele. Anasoma tu yale yenye mstari wa risasi, na kwa rangi anayatia alama haya: kuwahamisha Wameru wa Engare Nanyuki, 1951, malalamiko kwa Umoja wa Mataifa, 1952, Kamati ya Nne, ilipitisha, lakini, Baraza Kuu lenyewe, halikupata theluthi mbili, ardhi haikurudishwa. Hayo ni maneno kama 25, nusu ya yale ya kwanza. Jaji Wilson ameachwa, walowezi wameachwa, na majina ya wajumbe yameachwa. Hayakupotea, yangali pale chini katika ukurasa ule ule, na mwanafunzi akiuliza, «Mwalimu, nani alikwenda New York?» jicho lashuka mstari mmoja na jibu lapatikana.

Mwisho, kwa wino, katika ile nafasi iliyoachwa juu, anaandika kwa maneno yake: «Mwaka 1952 Wameru walisikilizwa na Umoja wa Mataifa, bali hawakurudishiwa ardhi.» Maneno kumi na moja tu. Kutoka 150 tumeshuka hata 50, kisha 25, kisha 11.

Ndugu wasomaji, sasa tazameni neno moja dogo tulilolishika toka hatua ya kwanza mpaka ya mwisho. Neno hilo ni «lakini», ambalo katika muhtasari limegeuka kuwa «bali». Laonekana si kitu. Halina tarehe, halina jina la mtu, wala la mahali. Msomaji wa haraka huliruka, maana jicho hutafuta majina na hesabu. Na tujaribu kuliruka tuone. Mtu mwenye rangi anapenda sentensi isemayo kwamba Kamati ya Nne ilipitisha azimio la kutaka Wameru warudishiwe ardhi yao. Ni sentensi ya furaha, nayo yavuta mkono. Anaitia rangi, na ile inayofuata anaiacha, kwa kuwa ina habari kavu za kura. Muhula ujao anasoma rangi peke yake, naye aandika juu: «Mwaka 1952 Umoja wa Mataifa uliamua Wameru warudishiwe ardhi yao.» Kila neno alilolitia rangi lilikuwa la kweli, lakini muhtasari wake ni uongo. Naye ataufundisha kwa moyo safi, na watoto arobaini watauandika katika madaftari yao. Mmoja wao atakwenda nyumbani amwambie bibi yake, ambaye jamaa zake walihamishwa kutoka Engare Nanyuki, kwamba ardhi ile ilirudishwa kwa amri ya mataifa.

Kosa hili ndilo kubwa kuliko yote katika kazi ya kufupisha kwa hatua, nalo latokana na kazi yenyewe. Kila hatua huchagua katika yale yaliyochaguliwa tu. Neno likiachwa katika hatua ya risasi, haliwezi kurudi katika hatua ya rangi, maana msomaji hatazami tena chini. Kosa dogo la hatua ya kwanza hukua kwa kila hatua inayofuata.

Dawa yake ni mbili. Ya kwanza ni kanuni ya bawaba. Mlango hugeuka juu ya bawaba, na habari hugeuka juu ya maneno machache: lakini, bali, ila, isipokuwa, kama, mpaka, kabla, baadhi, karibu, wakati ule. Kabla hujapiga mstari chini ya neno lolote linalosema jambo fulani lilitendeka, soma sentensi inayofuata, ukatafute bawaba. Ikiwapo, ipigwe mstari pamoja na jambo lenyewe, au vyote viwili viachwe. Katika habari yetu, maneno «wakati ule» ni bawaba vilevile. Ukisema ardhi haikurudishwa, umesema neno la milele. Ukisema haikurudishwa wakati ule, umesema neno la mwaka 1952 tu, ukaacha nafasi kwa habari za miaka iliyofuata. Na «karibu» mbele ya 3,000 ni bawaba pia, maana bila hiyo hesabu ya kukadiria yageuka kuwa hesabu ya kuhakikishwa.

Dawa ya pili ni kumsomea mtu. Mwite mkeo au mumeo, au mwalimu mwenzako, asiyeisoma habari. Msomee maneno ya rangi peke yake, kisha umwombe akueleze kilichotokea. Akieleza sawasawa na ukurasa mzima, rangi yako ni njema. Akieleza vingine, usimlaumu yeye. Rudi kwenye ukurasa ukatafute neno uliloliacha. Kazi hii haichukui dakika tano, nayo hufichua kosa kabla halijafika darasani.

Kosa jingine ni la kupaka rangi mno. Dalili yake ni wazi: ukiuweka ukurasa mbali, kwa urefu wa mkono, ukaona rangi zaidi ya ukurasa mtupu, hukufupisha bali umepamba. Ndiyo sababu tulisema hatua ya kwanza iwe ya risasi. Chukua raba, ufute, uanze tena ukijiuliza swali moja: nikiliondoa neno hili, je, habari itageuka? Kama haigeuki, liondoe.

Tena, ni lazima kukumbuka kwamba alama hufuata haja ya mtu. Alama tulizotia hapo juu ni za mwalimu afundishaye historia ya Meru. Mwalimu atakaye kueleza jinsi Umoja wa Mataifa unavyofanya kazi angeacha Engare Nanyuki kwa risasi tu, akatia rangi Kamati ya Nne, Baraza Kuu, na theluthi mbili ya kura, ili wanafunzi waone kwamba kamati kupitisha azimio si sawa na Baraza lenyewe kulipitisha. Mzee wa ukoo, kwa upande wake, angetia rangi Kingori na tarehe 17 Novemba 1951. Hakuna aliyekosea. Lakini kwa sababu hiyo, si vema kutumia daftari lililotiwa rangi na mwingine bila kujua alikuwa akitafuta nini. Ni vizuri kuandika pembeni, karibu na tarehe, neno moja la haja yako, kama «somo la historia» au «mkutano wa ukoo».

Yako pia maandishi yasiyofaa kufupishwa kwa njia hii. Karatasi ya dawa haina neno la ziada. Ukitia rangi «vidonge viwili» ukaacha «baada ya chakula», umejidhuru. Mkataba wa shamba ni vivyo hivyo, kwa kuwa wenye hila huficha bawaba katika mistari ya mwisho. Shairi nalo halifupishwi, maana uzuri wake umo katika maneno yote. Njia hii yafaa maandishi ya kueleza: historia, taarifa, mafundisho ya kilimo, na hotuba.

Limebaki jambo moja lihusulo wanafunzi hasa. Mtu aweza kudhani kwamba akiisha kutia rangi amekwisha kujua. Sivyo. Katika mwaka 2013 wataalamu wa elimu ya nafsi, John Dunlosky na wenzake, walitoa taarifa iliyopima njia kumi za kujisomea kwa kulinganisha majaribio mengi yaliyokwisha kufanywa. Kupiga mistari na kutia rangi waliiweka miongoni mwa njia za faida ndogo. Juu kabisa waliweka njia mbili: kujijaribu kwa maswali, na kuyagawa masomo katika siku mbalimbali badala ya kuyarundika siku moja.

Taarifa hiyo haiivunji kazi tuliyoieleza, bali yaonyesha mpaka wake. Rangi ni ya kutafutia: inamsaidia mwalimu kulipata neno upesi katika daftari la miaka mitatu. Haiwi ya kukumbukia peke yake. Mwanafunzi atakaye kukumbuka na afanye hivi: asome muhtasari wa juu, aufunike ukurasa wote kwa karatasi, aeleze kwa kinywa kila hatua iliyo chini yake, kisha afunue atazame alichosahau. Mathalani, asome «walisikilizwa, bali hawakurudishiwa ardhi», kisha ajiulize: Walisikilizwa na nani? Kwa nini hawakurudishiwa? Kura ngapi zilihitajiwa? Ngazi ile ile iliyokuwa ya kufupishia yageuka kuwa ngazi ya maswali. Na kwa kuwa hatua zenyewe hufanywa siku mbalimbali, masomo nayo yamegawanyika.

Atakaye kujaribu na achague ukurasa mmoja tu, wa habari anayojua atahitajiwa kuieleza mwezi ujao. Anakili leo, aandike tarehe, aache mistari minne juu, afunge daftari. Siku ya haja itakapofika, aanze kwa risasi, naye akikuta «lakini» asiliruke.